Nusu Saa Moja Inayolipiwa Mwezi Mzima

Mwenye nyumba akinunua luku, umeme wake hutozwa kwa uniti tu. Mwenye kiwanda, hoteli kubwa au ghala la baridi hulipia vitu viwili: uniti alizotumia mwezi mzima, na ukubwa wa mzigo wake pale ulipopanda kuliko wakati mwingine wowote wa mwezi huo. Hicho cha pili huitwa mahitaji ya juu. Hupimwa kwa kVA na kina mstari wake kwenye bili. Wamiliki wengi huupita mstari huo kama kodi isiyoepukika, kumbe ndio unaoweza kushuka bila kiwanda kupunguza uzalishaji hata kidogo. Kinachotakiwa ni kujua nusu saa ipi ilisababisha deni hilo, na mita inalo jibu.

Nitatumia bei za hapa Tanzania. Mteja wa TANESCO anayepokea umeme wa volti 400 na kutumia wastani wa zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi huwekwa kwenye kundi la T2. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, kundi hilo hulipa shilingi 195 kwa uniti na shilingi 15,004 kwa kila kVA ya mahitaji ya juu, kabla ya kodi na tozo. Kwa hiyo kila kVA 100 ni shilingi milioni moja na nusu kila mwezi, hata kama zilihitajika mara moja tu.

Shirika la umeme lina sababu ya kutoza hivyo. Transfoma, nyaya na mitambo lazima vitoshe kwa saa ile yenye mzigo mkubwa, na vinabaki pale muda wote mzigo ukiwa mdogo. Anayekodi sufuria la harusi hulipia ukubwa wa sufuria, wala haulizwi wali ulioliwa ni kiasi gani.

Mita inahesabu nini hasa

Mita haikamati mzigo wa sekunde moja. Hugawa siku katika vipindi, ambavyo kwa kawaida hapa kwetu ni vya dakika 30, na kwa kila kipindi huandika uniti zilizopita. Mahitaji ya kipindi ni wastani wa nusu saa nzima. Uniti 50 ndani ya nusu saa ni sawa na kwenda kwa kilowati 100, kwa sababu nusu saa ni nusu ya saa: zidisha kwa mbili. Mwisho wa mwezi, kipindi kilichozidi vingine vyote ndicho kinachoandikwa kwenye bili.

Hapa pana jambo linalowapotosha hata mafundi. Mota kubwa ikiwashwa huvuta umeme mara tano au sita ya kawaida yake, taa zikafifia, watu wakasema hapo ndipo kVA zinapopanda. Lakini mvuto huo huisha ndani ya sekunde chache, na ukigawanywa kwenye dakika 30 hauonekani. Kinachopandisha bili ni mashine nyingi kufanya kazi pamoja kwa muda mrefu ndani ya kipindi kimoja. Aliyenunua kifaa cha kuwashia mota taratibu kwa matumaini ya kushusha mahitaji ya juu amelinda mota yake, jambo jema, ila bili yake haitabadilika.

Jambo la pili ni kwamba kVA si kilowati. Mota na kompresa, mbali na umeme unaofanya kazi, huvuta pia umeme wa kujenga sumaku, ambao hupimwa kwa kVAr. Mita huunganisha yote mawili hivi:

```
kVA = √(kW² + kVAr²)
```

Ndiyo sababu kiwanda chenye pawafakta mbaya hulipia kVA nyingi kwa kazi ileile.

Jambo la tatu ni kumbukumbu ya mita. Kwa masharti ya bei za TANESCO, mahitaji yanayotozwa ni yale ya mwezi huo, au asilimia 75 ya yale ya juu kabisa ya miezi mitatu iliyotangulia, lolote lililo kubwa. Kosa kubwa la siku moja halifutiki mwezi ukiisha. Huendelea kulipiwa kwa miezi mitatu.

Kuipata na kuisoma rekodi

Mita za wateja wakubwa huhifadhi rekodi ya kila kipindi. Mwenye mita anaweza kuiomba kwenye ofisi ya shirika inayomhudumia, ikaja kama faili linalofunguka kwenye Excel. Likishindikana hilo, fundi anaweza kufunga kipimo chake kwenye njia kuu ya umeme kwa mwezi mmoja, kikiwekwa kipindi kilekile cha mita. Mwezi wa siku 30 una mistari 1,440. Mwaka mzima ni bora zaidi, maana kiwanda cha samaki hakifanani mwezi wa mavuno na mwezi wa bahari chafu.

Kabla ya hesabu yoyote, hakiki faili. Jumlisha uniti za vipindi vyote, kisha linganisha na uniti za bili ya mwezi huo. Zikipishana kidogo ni sawa. Zikipishana mara themanini, ujue mita inasoma kupitia transfoma ndogo za kupimia, kwa mfano za 400/5, na faili limetolewa kabla ya kuzidishwa kwa 80. Angalia pia saa ya mita. Ikiwa nyuma kwa dakika kumi, utatafuta chanzo cha kilele kwenye nusu saa isiyohusika. Vipindi vyenye sifuri huwa ni vya umeme kukatika. Usivifute, kwa sababu vitatufaa baadaye.

Baada ya hapo, panga mistari yote kuanzia wenye kVA nyingi hadi wenye chache, utazame ishirini ya mwanzo tu. Jiulize maswali mawili. Je, mistari hiyo hutokea saa zilezile siku kwa siku, au imetawanyika? Na je, kilele ni chembamba, cha kipindi kimoja au viwili, au ni kipana, cha saa nyingi? Majibu hayo mawili ndiyo yanayoamua kama tatizo litatibiwa na ratiba, na betri, au na vyote viwili.

Kiwanda cha mfano

Tuchukue kiwanda cha pwani kinachotengeneza barafu za mabonge na kugandisha samaki. Nimekitunga kwa ajili ya hesabu, ila mashine zake ni zile utakazozikuta kwenye kiwanda chochote cha namna hiyo. Kina kompresa mbili za barafu, kila moja ya kilowati 40. Kina friza ya kugandisha samaki haraka ya kilowati 45. Vyumba vya baridi vinafika kilowati 40 vikiwa vinafanya kazi vyote. Pampu, meza za kuoshea, taa na viyoyozi vinakamilisha kilowati 45. Jumla ni 210.

Boti huingia alfajiri. Samaki hupimwa, huoshwa, na kufikia saa nne asubuhi shehena ya kwanza huingia kwenye friza. Wakati huohuo milango ya vyumba vya baridi inafunguliwa kila dakika kupokea makreti, joto linaingia, na kompresa za vyumba hazipumziki. Fundi wa zamu ya asubuhi, kwa mazoea, huwa ameshawasha kompresa zote mbili za barafu tangu saa kumi na mbili, kwa kuwa wavuvi watataka barafu jioni. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amefanya kazi yake kwa wakati unaomfaa, na nyakati hizo zikakutana.

Hii ndiyo siku iliyokuwa na kilele cha mwezi. Faili la mita huandika saa kwa mtindo wa saa 24. Hapa nimeziweka kwa saa zetu.

| Muda (asubuhi hadi mchana) | Uniti | Kilowati |
|---|---|---|
| 4:00–4:30 | 88 | 176 |
| 4:30–5:00 | 101 | 202 |
| 5:00–5:30 | 105 | 210 |
| 5:30–6:00 | 103 | 206 |
| 6:00–6:30 | 97 | 194 |
| 6:30–7:00 | 84 | 168 |

Katika kipindi cha saa tano, mita iliandika pia kVAr 140. Ukiziweka kwenye kanuni pamoja na kilowati 210 unapata kVA 252. Zidisha kwa 15,004: shilingi 3,781,008. Kiwanda hiki hutumia wastani wa kilowati 110 usiku na mchana, yaani kama uniti 79,200 kwa mwezi, ambazo ni shilingi milioni 15.4. Mahitaji ya juu basi ni karibu moja ya tano ya fedha yote.

Hatua ya kwanza kabisa ni ya kapasita. Kabati la kapasita la kVAr 80 linaondoa sehemu kubwa ya umeme wa sumaku kutoka kwenye mita: kVAr 140 zinabaki 60, na kVA 252 zinakuwa 218. Kabati liwe la kujiendesha, linaloingiza na kutoa kapasita kadiri mzigo unavyobadilika. Ikiwa kiwanda kina vifaa vya kubadili mwendo wa mota, lifungwe pamoja na koili za kinga, la sivyo kapasita huchemka na kupasuka kabla ya wakati. Hiyo ni kazi inayojulikana vizuri, kwa hiyo tuiache hapo tuzitazame kilowati zenyewe.

Kuhamisha mzigo

Swali la kuhamisha mzigo ni moja: kati ya mashine zinazokutana saa tano, ipi inaweza kusubiri bila kuharibu kitu?

Friza haiwezi. Samaki anayekawia kuganda hupoteza ubora, na kwa samaki wa kusafirishwa nje, joto la kiini lazima lishuke kwa wakati. Vyumba vya baridi navyo visiguswe saa za kupokea mzigo. Meza za kuoshea zinafuata boti, na boti zinafuata maji kujaa na kupwa.

Barafu inaweza. Bonge la barafu hutengenezwa ndani ya kopo la bati lililozamishwa kwenye tangi la maji ya chumvi yenye baridi ya nyuzi kumi hivi chini ya sifuri, na huchukua saa nyingi kuganda hadi katikati. Kompresa moja ikipumzika saa tatu wakati ya pili inaendelea, maji ya chumvi hupanda nyuzi chache na barafu hukawia kidogo. Kinachokawia asubuhi hufidiwa usiku, saa ambazo kiwanda kizima kinavuta kilowati 85 tu na kompresa hiyo ilikuwa imezimwa hata hivyo.

Kwa hiyo kompresa ya pili inazimwa kuanzia saa nne hadi saa saba mchana. Kilowati 40 zinaondoka katika kila mstari wa jedwali: 176 inakuwa 136, 202 inakuwa 162, 210 inakuwa 170, na kuendelea hivyo. Uniti 120 zilizoondolewa asubuhi zinatumika usiku. Hakuna uniti iliyookolewa, na hilo lisimsumbue mtu, kwani fedha inayotafutwa iko kwenye kVA. Kapasita zikiishikilia pawafakta kwenye 0.96, kilowati 170 ni kVA 177.

Angalia kwamba nimeanza saa nne kamili, si saa nne na nusu. Ningeanza nusu saa baadaye, kipindi cha saa nne kingebaki na kilowati 176, nacho kingekuwa kilele kipya kuliko 170. Ukishusha kilele kimoja, cha pili yake kinachukua nafasi. Ndiyo sababu hesabu hufanywa kwa kurudia mpango kwenye mistari yote 1,440, siyo kwa siku moja yenye kilele. Kwenye Excel ni safu moja ya ziada: kila kipindi cha saa nne hadi saa saba ondoa uniti 20, kila kipindi cha usiku kilichochaguliwa ongeza 20 hadi zile 120 zirudi, kisha tafuta kubwa kuliko zote upya.

Kikomo nacho kipimwe kiwandani. Fundi afuatilie kipimajoto cha tangi kwa wiki ya kwanza na kuandika saa ambayo makopo ya mwisho yanatoka. Wavuvi wa jioni wakianza kukosa barafu, muda wa kupumzisha kompresa upunguzwe au tangi lipozwe zaidi alfajiri. Mpango unaomnyima mteja barafu utavunjwa na wafanyakazi wenyewe ndani ya mwezi, tena kwa haki.

Umeme unaporudi

Rudi sasa kwenye vipindi vile vyenye sifuri. Katika mistari ishirini ya juu ya kiwanda chetu, kumi na tisa ni ya kati ya saa nne na saa saba mchana. Mmoja upo peke yake: saa 1:00 hadi 1:30 usiku, uniti 98, sawa na kilowati 196. Ukitazama mistari iliyo juu yake kwenye faili la siku hiyo, unakuta sifuri kuanzia saa kumi jioni. Umeme ulikatika saa tatu, jenereta ikabeba taa na chumba kimoja. Uliporudi, vyumba vyote, friza na kompresa zote mbili za barafu vilianza kwa pamoja, kila kimoja kikiwa na joto la kufidia.

Kila penye umeme unaokatika mara kwa mara, mstari wa namna hii ni wa kutafutwa kwa makusudi. Ratiba ya asubuhi haiuoni, kwa sababu hautokei asubuhi. Kiwanda kinaweza kufuata ratiba mwezi mzima, kikajikuta bado kinalipia kilowati 196 kwa sababu ya jioni moja.

Dawa yake ni taima kwenye kontakta za mashine kubwa, zipangwe ziingie kwa zamu: vyumba vya baridi na friza kwanza, kwa kuwa vina samaki. Kompresa ya kwanza ya barafu iingie baada ya vipindi viwili kamili, ya pili ibaki imezimwa hadi fundi athibitishe kuwa mzigo umeshuka. Kuachanisha kwa dakika mbili au tatu husaidia breka na transfoma, lakini kwa mita zote bado ziko ndani ya nusu saa moja.

Hayo yakifanyika, hakuna mstari unaozidi kilowati 170. Kutoka kVA 252 hadi 177 ni kVA 75, yaani shilingi 1,125,300 kila mwezi. Lakini bili ya mwezi wa kwanza haitaonyesha punguzo hilo lote. Asilimia 75 ya 252 ni 189, na kwa miezi mitatu kiwanda kitatozwa 189 hata kama mita imeandika 177. Mwenye kiwanda aelezwe mapema, la sivyo ataona fundi amemdanganya.

Betri inunue nini

Sasa zimebaki kilowati 170 zisizohamishika: samaki, baridi na maji ya kuoshea. Hapa ndipo betri inapopata kazi. Inachajiwa mzigo ukiwa mdogo, na mzigo ukivuka kiwango kilichowekwa, inatoa ile ziada ili mita isiione.

Vipindi vilivyobaki baada ya kuhamisha barafu ni kilowati 136, 162, 170, 166, 154 na 128. Tuseme tunataka kukata kila kinachozidi 150. Vipindi vinne vinavuka kwa kilowati 12, 20, 16 na 4. Kila kimoja ni cha nusu saa, kwa hiyo uniti zinazotakiwa ni 6, 10, 8 na 2, jumla 26. Inveta inatakiwa kumudu kilowati 20, na betri iweze kutoa uniti 26 kwa uhakika. Betri za lithiamu hazimalizwi hadi chini kabisa, na uwezo wake hupungua kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo anayetaka uniti 26 hata mwaka wa nane anunue betri ya uniti 40 hivi.

Jedwali lilelile linajibu pia swali ambalo wauzaji wengi hawalipendi: tukate hadi wapi? Kushuka kutoka 170 hadi 160 kunahitaji uniti 9. Kutoka 160 hadi 150 kunahitaji 17 nyingine. Kutoka 150 hadi 140 ni 20 zaidi, na hadi 130 ni 23 juu ya hizo. Punguzo la bili kwa kila hatua ni lilelile, ila betri inayohitajika inazidi kukua, kwa sababu kilele kina ncha nyembamba na kiuno kipana. Kila kiwanda kina mahali ambapo hatua inayofuata hailipi tena, na mahali hapo panajulikana kwa rekodi ya mita pekee.

Linganisha na kiwanda ambacho kingenunua betri kabla ya kupanga ratiba. Kushusha mstari wa awali, ule wa 210, hadi 150 kungehitaji kilowati 60 na uniti 128 zinazotumika. Ratiba ya barafu, isiyogharimu zaidi ya taima na mazoea mapya, imeiondolea betri zaidi ya uniti mia moja. Hili ndilo ningependa kila mwenye kiwanda alishike: betri ni ya mabaki, ya kile ambacho ratiba imeshindwa kukiondoa.

Fedha yake inasemaje? Kilowati 150 kwa pawafakta ya 0.96 ni kVA 156, pungufu ya 21 kutoka 177. Hiyo ni shilingi 315,084 kwa mwezi, kama milioni 3.8 kwa mwaka. Umeme unaopotea katika kuchaji na kutoa ni mdogo: uniti nne kwa siku ya kazi, kiasi cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Tuseme muuzaji ametaja shilingi milioni 36 kwa betri, inveta na ufungaji. Itachukua zaidi ya miaka kumi kurudisha fedha, muda unaokaribia umri wa betri yenyewe. Kwa kVA peke yake, betri hiyo isinunuliwe. Ikishuka hadi nusu ya bei hiyo, au ikipewa kazi ya pili, hesabu inabadilika.

Kazi ya pili inayotajwa sana ni kubeba kiwanda umeme ukikatika, badala ya kuchoma dizeli. Ni kazi halali, ila inagombana na ya kwanza. Betri iliyotumika kwenye katizo la saa tatu iko tupu umeme unaporudi, wakati uleule mashine zote zinapoanza upya. Mbaya zaidi, chaja yake nayo inataka kuchaji hapo hapo na kuongeza mzigo juu ya mzigo. Anayetaka kazi zote mbili anunue betri inayotosha zote mbili, atenge kiasi kisichoguswa kwa ajili ya kilele, na aizuie chaja kuanza hadi jumla ya mzigo iwe chini ya kiwango.

Pale inapoharibika

Kidhibiti cha betri lazima kisome mzigo wa kiwanda kizima kwenye njia kuu, tena kifanye hesabu ya kipindi kama mita inavyofanya. Kwa lengo la kilowati 150, kipindi kina ruhusa ya uniti 75. Ikiwa dakika ya ishirini imefika na uniti 55 zimeshapita, zimebaki 20 kwa dakika kumi, na mzigo usizidi kilowati 120 hadi kipindi kiishe. Kidhibiti kizuri huanza kusaidia mapema. Kibovu husubiri mzigo wa papo hapo uvuke 150, kikachelewa, au kikamaliza betri kwenye viruko vya dakika mbili ambavyo mita isingevijali.

Ili hesabu hiyo ifanane na ya mita, saa zao lazima zifanane. Kidhibiti kinachohesabu kipindi kuanzia saa tano na dakika saba, wakati mita imeanza saa tano kamili, kinaweza kuonyesha ushindi kwenye kioo chake huku bili ikipanda. Mtego mwingine ni kilele kinachokuja mara mbili siku moja, boti za asubuhi na tena za mchana, betri ikiwa haijajaa katikati. Hapo rekodi ya mwaka hufaa kuliko ya mwezi, maana siku hizo huwa chache.

Siku moja tu ya kusahau ina bei yake. Fundi mgeni akiwasha kila kitu kwa mazoea ya zamani, kiwanda chetu kitatozwa kVA 218 mwezi huo, hata kapasita zikiwa zinafanya kazi. Ikilinganishwa na 177, hasara ni shilingi 615,164. Kwa sababu hiyo ratiba isiachwe kichwani mwa mtu. Iwekwe kwenye taima, na king'ora kidogo kilie kipindi kinapokaribia ruhusa yake, ili aliye zamu ajue cha kuzima kabla nusu saa haijafungwa.

Kama mpango unafanya kazi, rekodi ya mwezi unaofuata itaonyesha. Panga tena mistari kwa ukubwa. Ishirini ya juu inatakiwa iwe karibu sawa, imejipanga chini ya kiwango kilichowekwa. Ukiona mmoja umesimama peke yake juu ya wenzake, huo una tarehe na saa, na mtu aliyekuwa zamu anaweza kueleza kilichotokea. Ukiona ishirini yote imepanda kwa pamoja, kiwanda kimekua, na kiwango chenyewe kinahitaji kupangwa upya.

Bei zikibadilika, hesabu nayo irudiwe. Kenya, kwa mfano, wateja wa biashara na viwanda hutozwa kVA pia, lakini tangu Desemba 2017 wamekuwa na punguzo la nusu ya bei ya nishati kwa matumizi ya usiku yanayozidi kiwango walichopangiwa. Barafu ileile ikihamishiwa usiku huko hupunguza mistari miwili ya bili kwa mkupuo. Kwa T2, saa haina bei yake. Kinacholipa ni mashine kutokutana, na ndiyo maana hata kuisogeza kompresa hadi saa nane mchana kungetosha, mradi mzigo wa saa hiyo uwe mdogo.

Muuzaji wa betri akifika kiwandani, basi, aulizwe kwanza ameona vipindi vipi vya mita hii, vinavuka kiwango kwa uniti ngapi, na vinabaki vingapi baada ya ratiba kupangwa. Mwenye majibu hayo atakuwa na betri ya ukubwa sahihi, ama atakuambia kwa uaminifu kwamba kwa sasa huihitaji.